Kadi ya Oyster: ibaki bila jina au uiandikishe? Soma kabla hujapokea ya shangazi

Oyster ni kadi ya plastiki ya kulipia nauli ya treni na mabasi ya London: unaiwekea hela, unaigusisha, nauli inakatwa. Wageni wanaoingia London huuliza sana kuhusu kanda za nauli na saa za msongamano, mambo ambayo yamebandikwa ukutani katika kila kituo. Malalamiko yanayofika baadaye ni ya aina nyingine kabisa. Kadi imepotea ikiwa na hela na hazirudi. Mtu amekatwa nauli ya juu kabisa na hajui aanzie wapi kudai. Au mjomba anamuuliza mpwa wake kwenye chakula, mbele za watu, alikuwa anafanya nini Stratford saa nne usiku. Chanzo cha yote matatu ni kimoja: kadi imeandikishwa kwa jina la nani, kama imeandikishwa.

Tuanze na kitu ambacho wauzaji hawakielezi. Dukani hakuna kadi mbili. Ile ya plastiki ya bluu ni moja tu, unainunua kwenye mashine ya kituo cha treni ya chini ya ardhi au kwa muuza magazeti mwenye alama ya Oyster dirishani, kwa pesa taslimu ukipenda, na hakuna anayekuuliza unaitwa nani. Ikitoka pale haina mwenyewe. Itampata mwenyewe siku mtu atakapofungua akaunti kwenye tovuti ya TfL, shirika la usafiri la London, akajaza jina na mawasiliano yake, kisha akaingiza namba ya tarakimu 12 iliyo nyuma ya kadi. Anaweza kufanya hivyo leo au baada ya mwaka.

Kwa safari za kawaida, jina halibadilishi chochote. Nauli ni ileile, kikomo cha makato ya siku na cha wiki ni kilekile, na basi la pili ndani ya saa moja ni bure kwa wote. Pauni 90 ndiyo salio kubwa kuliko yote ambalo kadi itabeba. Ukiona mtu anakuambia kadi iliyoandikishwa ina nauli nafuu, anachanganya na kadi zenye picha za watoto, wanafunzi na wazee, ambazo hizo lazima ziwe na jina.

Nikizipanga kadi kwa ubora, nafasi ya kwanza naipa kadi isiyo na jina, iliyonunuliwa kwa pesa taslimu na kuwekewa salio dogo. Sisitizo liko kwenye salio dogo, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mashine za tiketi kwenye vituo vya treni ya chini ya ardhi zinaweza kukurudishia salio lisilozidi pauni 10 palepale, bila jina wala akaunti. Unagusisha kadi kwenye duara la njano la mashine, unachagua kurudishiwa hela kwenye skrini, unathibitisha, unachukua chako. Kadi inafungwa na haitumiki tena, kwa hiyo fanya hivyo siku ya kuondoka, baada ya safari ya mwisho. Chagua mashine inayopokea pesa taslimu, maana nyingine ni za kadi za benki tu. Na usimwendee muuza magazeti na ombi hilo. Yeye ameruhusiwa kukuuzia kadi na kukuwekea salio, kurudisha hela si kazi yake.

Salio likizidi pauni 10, mashine haikusaidii. Itabidi uwapigie simu TfL, na hapo utaulizwa jina na mahali pa kupeleka hela. Hiyo ndiyo kasoro ambayo miongozo mingi inairuka: kadi isiyo na jina hukaa bila jina mpaka siku unapodai chako. Ukitaka usiri na hela zako pia, basi lazima uishi chini ya ule mstari wa pauni 10. Si vigumu. Anayepanda basi kwa pauni 1.75 anapata safari tano kwa pauni 8.75, kisha anaongeza kidogo kidogo. Salio haliozi, halina tarehe ya mwisho.

Hebu tupige hesabu ya mtu aliyeweka pauni 40 kwa mkupuo, kwa sababu mwenyeji wake alimwambia “jaza tu usisumbuke”. Jumatatu anapanda mabasi matatu yaliyoachana kwa muda mrefu, zinakatwa pauni 5.25, zinabaki 34.75. Jumanne kadi inadondoka. Kama aliiandikisha, anaingia kwenye akaunti, anaripoti imepotea, kadi inasimamishwa na zile 34.75 anazidai, ziende kwenye kadi nyingine au zirudi kwake. Hasara yake ni bei ya kadi mpya. Kama hakuiandikisha, hana cha kuonyesha kwamba ile kadi ilikuwa yake. Atakayeiokota atapanda basi nayo mpaka iishe, na mashine haitamuuliza kitu. Lakini mtu huyohuyo angekuwa ameweka pauni 9, Jumanne angepoteza 3.75. Ndiyo maana sisemi kadi isiyo na jina ni salama. Nasema usiipe mzigo mkubwa.

Nafasi ya pili ni kadi iliyoandikishwa kwa jina lako mwenyewe, na kwa mkazi anayekwenda kazini kila siku nafasi hiyo ni ya lazima. Tiketi ya mwezi au zaidi haiwekwi kwenye kadi isiyo na jina. Ile ya siku saba inaruhusiwa, ya mwezi hairuhusiwi. Faida nyingine kubwa ni kudai makato ya kimakosa. Treni inataka ugusishe unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugusisha unapotoka, au ukapita kwenye lango lililoachwa wazi bila kugusisha, mfumo haujui ulishukia wapi, unakukata nauli ya juu kabisa. Mwenye akaunti anaiona safari hiyo kwenye orodha ikiwa haina kituo cha mwisho, anajaza alikoshukia, anasubiri. Mfumo wenyewe hurekebisha baadhi ya safari bila kuombwa. Asiye na akaunti anaweza kugusisha kadi kwenye mashine ya kituo aone safari zake 8 za mwisho, lakini kudai ni mpaka apige simu, na asipoziangalia mapema ile safari yenye kosa inasukumwa nje ya orodha na zinazofuata. Anayepanda treni mara nne kwa siku ana siku mbili tu.

Kuhusu faragha, wengi wanatia chumvi pande zote mbili. Kadi isiyo na jina inarekodiwa safari zake kama kadi nyingine yoyote, ila chini ya namba ya kadi badala ya jina. TfL huweka kumbukumbu hizo kwa wiki 8, kisha huvunja uhusiano kati ya safari na kadi. Ndani ya wiki hizo, anayejua namba ya kadi na mwenye haki ya kuuliza, kama polisi, anaweza kupata njia uliyopita. Na ukiongeza salio kwa kadi ya benki, ule uficho umeutoboa mwenyewe, maana malipo yana jina lako. Pesa taslimu tu ndiyo inaufunga mduara.

Kwa upande wa walioandikishwa, kuna jambo la kukumbuka. Septemba 2024 TfL walivamiwa kimtandao, na wakatangaza kwamba majina na mawasiliano ya wateja yalifikiwa, pamoja na, kwa wateja wapatao 5,000, uwezekano wa kufikiwa namba za akaunti za benki. Namba hizo zilikuwa kwenye kumbukumbu za marejesho ya Oyster. Yaani waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliodai hela zao. Ukiiandikisha kadi, tumia nywila isiyotumika kwingine, kwa sababu mwaka 2019 akaunti kadhaa za Oyster ziliingiliwa kwa nywila zilizovuja kutoka tovuti nyingine. Huduma ya kujiongezea salio yenyewe kutoka benki mimi siipendi: kadi ikipotea na hujagundua, inaendelea kujijaza mikononi mwa mwingine.

Kadi ya benki ya kugusisha nitaisema kwa kifupi. Haina ada ya kununua, ina vikomo vilevile vya makato, na jina lako liko ndani tangu mwanzo. Ukija kwa siku moja au mbili na una kadi ya benki ya Uingereza, tumia hiyo. Ukija na ya Nairobi au Dar, uliza kwanza benki yako inakata nini kwa kila malipo ya fedha za kigeni.

Mkiani kabisa naweka ile ambayo watu wengi huipokea kwa shukrani uwanja wa ndege: kadi ya shangazi. “Chukua hii mwanangu, imekaa tu droo.” Muulize kwa adabu kama imeandikishwa kwa jina lake. Kama ndiyo, kila safari yako inasomeka kwenye akaunti yake, kituo na saa, kwa wiki hizo 8. Akiamua kuiripoti imepotea, inakufia langoni. Ukikatwa kimakosa, anayedai ni yeye, na hela zinarudi kwake. Kama haikuandikishwa hakuna tatizo, ni sawa na uliyoinunua mwenyewe. Za kununua mkononi kwa mtu mtandaoni, eti zina salio ndani, usiziguse hata kwa nusu bei: mwenyewe anaweza kuzifunga jioni hiyohiyo baada ya kupokea hela yako.

Na hii bei ya kadi sasa imekuwa kero. Zamani ilikuwa amana ya pauni 5 unayorudishiwa ukirudisha kadi. Septemba 2022 ikawa ada ya pauni 7 isiyorudi, na Septemba 2025 ikapanda hadi 10. Kwa mgeni wa siku tatu anayepanda mabasi, plastiki inaweza kuzidi nauli yote, na dereva hapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Asiye na kadi ya benki hana pa kukimbilia. Madirisha ya tiketi kwenye treni za chini ya ardhi yalifungwa mwaka 2015, kwa hiyo hata wa kumnung’unikia umtafute aliyevaa sare karibu na mageti.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua mpya, pekueni droo. Kadi za bluu zilizonunuliwa kabla ya tarehe 23 Februari 2020 zililipiwa ile amana inayorudishwa, na salio lililosahaulika ndani bado ni hai. Gusisha kwenye mashine uone. Kabla hujaianza kuitumia, piga picha ya mgongo wake, ile namba ya tarakimu 12 isomeke vizuri, uitume kwa mtu unayemwamini au ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe, maana simu na kadi mara nyingi hupotea kwenye mfuko mmoja.