Jaketi la mvua la mtumba kutoka Memorial, Moshi: nalikagua kwa ndani kwanza

Nafanya kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro, na karibu kila kinachonikinga na mvua huko juu nimekinunua soko la Memorial hapa Moshi. Jaketi jipya la mlimani dukani ni pesa ambayo safari moja hailipi. Memorial unalipata lililovaliwa Ulaya misimu miwili mitatu likaingia kwenye belo. Shida ni kwamba jaketi zuri na jaketi lililokufa hutundikwa kamba moja, kwa bei moja, na kwa nje huwezi kuyatofautisha.

Safari hii nilikuwa natafuta jaketi la njia ya Machame. Siku ya kwanza unapita msituni, na mvua ya msitu haina msimu hasa, hata Julai inakunyeshea. Baadaye unatoka kwenye miti unakutana na upepo, na ukifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, maji ya chupa yanaganda usiku. Ukilowa siku ya kwanza ukashindwa kukauka, baridi ya juu inakukuta tayari umeshaumia. Ndiyo maana jaketi la mvua nalipa muda mwingi kuliko nguo nyingine yoyote.

La kwanza nililoshika lilikuwa jekundu, zito kiasi, halina hata doa. Muuzaji akaniambia, "Mangi, hii ni mali, leo tu belo limefunguliwa, nipe 45,000." Nikaligeuza ndani nje. Jaketi la kuzuia maji huwa na utando mwembamba upande wa ndani, na huo ndio unaofanya kazi. Kitambaa cha nje kinaulinda tu. Utando huo ukikaa miaka kwenye joto na unyevu unaoza wenyewe hata kama jaketi halikuvaliwa. Unaanzia kwenye kofia, mabegani na nyuma ya shingo, mahali penye jasho na msuguano. Hili jekundu lilikuwa linabanduka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua, na vidole viliponata nikajua basi. Lilikuwa pia na ile harufu ya uchachu, karibu na matapishi ya mtoto. Harufu hiyo haitoki kwa sabuni, kwa sababu si uchafu, ni utando wenyewe unaoharibika. Hakuna fundi wa kulitengeneza. Nikamrudishia.

La pili lilikuwa la kijani, limepauka, lina mchubuko kwenye kiwiko. Alitaka 35,000. Ndani utando ulikuwa mkavu, laini, haunati, hata nilipoukunja na kuusugua kwa kidole gumba. Nikabana kitambaa mdomoni nikapuliza kwa nguvu: pumzi haikupita. Ikipita kirahisi, hilo ni la upepo tu, hata likiwa na kofia na mifuko mingapi. Halafu nikamwomba muuzaji nilimwagie jaketi maji kidogo. Wengine wanakataa, na mimi anayekataa namuacha. Huyu alikubali. Nikakunja sehemu ya mgongo iwe kama bakuli, nikamimina maji ya chupa, nikaweka kitambaa cha karatasi chini yake, tukaendelea kupiga stori dakika kama tano. Karatasi ilibaki kavu.

Hapa wengi wanapotea. Kitambaa cha nje cha lile la kijani kilinyonya maji kikawa cheusi, na jamaa aliyekuwa pembeni akasema, "Hilo linavuja, achana nalo." Halivuji. Lililoisha ni dawa ya nje inayofanya matone yateleze. Ikiisha, jaketi linakuwa zito na la baridi mwilini, lakini maji hayapiti ndani mradi utando uko mzima. Mara nyingi inarudi kwa kiasi: unalifua kwa sabuni kidogo isiyo na dawa ya kulainisha nguo, unalisuuza mpaka povu liishe, likikauka unalipitishia pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Angalia lebo kwanza kama pasi inaruhusiwa.

Mishono ndiyo niliyoitumia kupunguza bei. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo mishono ya ndani hufunikwa kwa utepe uliogandishwa kwa joto. Pitisha kidole mshono mzima, hasa kwapani na pale kofia inapoungana na shingo. Kwapa la kushoto utepe ulikuwa umeachia karibu shubiri moja. Nikamuonyesha, tukashuka mpaka 25,000. Utepe ulioachia sehemu moja unagandishwa kwa gundi ya viatu inayobaki laini ikikauka, paka nyembamba, bana usiku kucha. Ukiona umeachia kila mahali, huo ni uzee wa jaketi zima, achana nalo.

Zipu niliivuta juu chini mara kadhaa. Ikiwa inafunguka nyuma ya kichwa chake, kichwa kimelegea, kinabanwa taratibu kwa koleo. Meno yakiwa yamevunjika ni zipu nzima kwa fundi, na anapotoboa upya anaongeza matundu ya kupitisha maji.

Kuhusu kukaa mwilini, herufi ya lebo usiifuate, maana L ya nchi moja ni M ya nyingine. Mimi naenda sokoni nimevaa sweta langu la kambini, najaribu jaketi juu yake, halafu nainua mikono yote miwili kama nimeshika mzigo kichwani. Mpagazi anatembea hivyo saa nyingi. Mikono ikiinuka, mikono ya jaketi inashuka kuelekea kiwiko na pindo linapanda tumboni. Maji yanaingia kwenye mkono yanatiririka mpaka kwapani. Nataka mkono ubaki karibu na kifundo na pindo lisivuke mkanda wa suruali. La kijani lilipita, na kamba za kubana kwenye kifundo bado zilikuwa na nguvu.

Nimelivaa tangu hapo, msituni na juu. Ile mvua kubwa baada ya geti la Machame mabega yalibaki makavu. Kwapa nililoligundisha halijaachia. Mgongoni nilipata unyevu, ila huo ni jasho langu: jaketi hili halina zipu za kutoa joto chini ya kwapa, na ukipanda na mzigo unalipata hilo. Nikipata lenye zipu hizo ningeongeza hata 10,000.

Suruali sikuhangaika sana. Jinzi na pamba nzito naziruka, zikilowa hazikauki kambini. Lebo ikiwa imekatwa naomba uzi unaoning'inia ndani ya pindo nauchoma: ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni polista au nailoni, ukinuka karatasi iliyoungua ni pamba. Inayoyeyuka ndiyo nachukua.

Memorial naipa alama nzuri kwa bei na wingi wa mali, kidogo kwa mwanga. Chini ya maturubai ya buluu utando uliochakaa unafichika, kwa hiyo toka na jaketi juani kabla ya kulipa. Nenda asubuhi, mzigo ukifunguliwa. Masika, watalii wakiwa wachache, wauzaji wanashuka bei haraka. Kuanzia Juni mwishoni wapagazi wote tunatafuta kitu kimoja na huwezi kujadiliana sana. Glovu za mtumba sijapata bado zilizo nzima ndani, hizo nanunua mpya.