Peji tupu mwishoni mwa dokumenti: uzoefu wangu na programu ya kuandikia

Microsoft Word naitumia kila siku kwa ripoti na ankara na kwa upande wa tebo sina shida nayo kabisa, ila kuna kitu kimoja kinakera kweli. Tebo ikijaa mpaka chini ya peji ya kwanza, inakuja peji ya pili tupu, unabonyeza Backspace, unabonyeza Delete, haitoki, na ukiprinti inatoka karatasi nyeupe, na chini ya peji ya kwanza namba inasoma 1 kati ya 2, mteja anabaki anauliza nyingine iko wapi.

Cha kwanza washa alama zilizofichwa kwa Ctrl+Shift+8, halafu Ctrl+End upelekwe mwisho kabisa. Ukiona mstari wenye maneno Page Break basi kazi ni ndogo, weka kishale mwanzoni mwa mstari huo, Delete, imeisha. Lakini kwenye ankara yangu hakukuwa na mstari wowote, ilikuwa ¶ moja tu imekaa peke yake peji ya pili. Hiyo ndo haifutiki, kwa sababu programu inalazimisha kila tebo ifuatwe na aya, hata kama haina neno hata moja, na tebo ikishamaliza nafasi yote ile aya haina pa kukaa inasukumwa chini.

Kwa hiyo dawa ni kuifanya iwe ndogo mpaka itoshe. Niliiselekti ile ¶ nikaweka fonti saizi 1 (kwenye orodha haipo, unaandika mwenyewe na kupiga Enta). Peji haikuondoka! Watu wengi wanaishia hapa wanasema haifanyi kazi, kumbe aya bado ilikuwa na 8 pt ya nafasi chini yake, ndo mpangilio inaokuja nao. Nikafungua Paragraph, Before na After zote nikaweka 0, Line spacing nikaweka Single, hapohapo peji ya pili ikapotea na namba ya peji ikasoma 1 kati ya 1. Angalia sana hiyo Line spacing, ikiwa Exactly 18 pt hata ufanye fonti ndogo vipi mstari unabaki na urefu uleule.

Kama tebo imegusa kabisa mwisho wa peji hata hiyo haitoshi, hapo punguza kidogo marjini ya chini au urefu wa safu mlalo moja. Kuna njia ya kuificha ile ¶, unaiselekti, Ctrl+D kisha Hidden, inafanya kazi ila ukiwa umewasha alama peji tupu utaendelea kuiona kwenye skrini, zima alama kwanza ndo uhukumu.

Kwa tebo naipa alama za juu, kwa hili hapana. Aya tupu baada ya tebo ingeweza kubanwa na programu yenyewe, mtu wa kawaida anayetaka kuprinti karatasi moja atajuaje kwamba kuna alama asiyoiona inashikilia peji nzima?