Rasta safi, ila hawa wasiguse nywele za mbele: uzoefu wangu

Rasta nilizosukwa kwenye saluni hii nazisifu. Mistari imenyooka, kazi imeisha kwa wakati, na kwa hilo ningewapa nyota nne. Kilichoniudhi ni dakika za mwisho, msusi alipoanza kulaza nywele za malaika kwenye paji na pembeni mwa uso.

Jeli aliyonipaka wakati wa kusuka ilikuwa imeshakauka. Yeye akaongeza nyingine juu yake, akashika brashi ngumu ya plastiki na kuanza kusugua. Hivyo ndivyo nywele zinavyokatika! Jeli kavu huzigandisha pamoja, kwa hiyo brashi haitelezi, inang'oa. Ilitakiwa kwanza afute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka jeli ya zamani ilegee na itoke.

Nilipomwambia inauma, akajibu kwa sauti, wateja wote wanasikia: “Dada, urembo ni kuvumilia. Kama kichwa laini, usisuke.” Mteja anayelipa hajibiwi hivyo. Na maumivu pale hayavumiliwi, kwa sababu ndiyo dalili ya kwanza kwamba mzizi unavutwa.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Nyunyiza maji kidogo, chukua jeli isiyo na spiriti kiasi cha punje ya mahindi, hiyo inatosha upande mmoja. Tumia mswaki laini sana. Chukua zile nywele ambazo kwa asili ni fupi tu, zielekeze zinakoota, kisha uzipinde kwa ncha ya kidole. Funga kitambaa cha satini dakika kumi hivi, usikaze. Usiku osha jeli yote, usilale nayo. Zikigoma kulala, ziache, maana kuongeza jeli na nguvu hakusaidii.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, kwa kuwa mswaki laini mtu anaweza kuja nao mwenyewe. Lakini nilipofika nyumbani nikaangalia vizuri kwenye kioo: nywele nyingine za malaika zimesukwa ndani ya mstari wa kwanza! Zile ni nyembamba, haziwezi kubeba uzito wa rasta. Zinaachwa nje, upana wa nusu kidole hivi. Kesho yake vipele vikatoka kwenye mizizi, na kuinua nyusi tu ikawa shida. Sasa ni nyota moja.

Ukiona vipele hivyo, usipake mafuta na kusubiri. Fumua mstari wa mbele siku hiyohiyo. Nywele zilizovutwa kwa muda mfupi huota tena, ila zikivutwa miaka kwa miaka mzizi huweka kovu na hapo hazioti tena. Kagua pia nyuma kidogo ya ukingo: ukiona nywele chache za malaika zimebaki mbele na nyuma yake pana upara, mvuto umeshaanza kula nywele, na hapo nenda kwa daktari wa ngozi, si kwa msusi.