Mtoto anatapika maziwa yanaruka, kisha anataka kunyonya tena: uzoefu wangu wa huduma ya rufaa Mbeya

Naandika kwa ajili ya wazazi wa Rungwe, Kyela na kwingine huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wenye kichanga anayetapika kila akinyonya. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alipasuliwa tumbo katika hospitali ya rufaa Mbeya mjini akiwa na wiki sita, na huduma aliyopata nairidhia kwa moyo wote, isipokuwa mambo machache nitakayoyataja.

Mwanzoni alikuwa anacheua tu. Ukimbeulisha, maziwa kidogo yanateremka kidevuni, yanalowesha kola, naye wala hana habari. Alipoingia wiki ya tano mambo yakageuka. Akishamaliza kunyonya, maziwa yanatoka kwa nguvu, yanaruka mapaja yangu na kuangukia sakafuni. Yalikuwa meupe, mara nyingine yameganda, lakini kijani sikuwahi kuiona. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakulegea kama mgonjwa. Papo hapo anageuza uso kutafuta ziwa, ananyonya kwa pupa, anatapika tena.

Mama mkwe alisema, "Huo mchango, mwanangu, utapita." Muuguzi wa kliniki Tukuyu hakukubali. Alifungua kadi: kuzaliwa kilo 3.2, wiki ya nne 3.8, siku hiyo 3.5. Akaniambia, "Mama, anayecheua tu huwa anaongezeka. Huyu anapungua." Akauliza habari za nepi, nami nikamweleza kwamba mkojo umekuwa haba na choo ni kidogo, kigumu. Pia alirudia kuuliza kama matapishi yana kijani, kwa sababu kijani huashiria kwamba utumbo wenyewe huenda umeziba au umejisokota, na hapo hata usiku hausubiriwi kuisha. Rufaa aliiandika palepale.

Mbeya, daktari aliniambia nimnyonyeshe mbele yake, tumbo la mtoto likiwa wazi. Tulitazama wote. Chini ya mbavu za kushoto kilianza kituta kama mpira mdogo unaoviringika chini ya ngozi, kikaenda polepole hadi kulia, kikapotea, kikaanza tena. Ni tumbo linasukuma maziwa yasiyopita. Kisha akapapasa upande wa kulia, juu ya kitovu, akagusa kivimbe kigumu. Ultrasaundi ikathibitisha: msuli wa pailorasi, yaani mlango wa kutokea tumboni kwenda kwenye utumbo, ulikuwa na unene wa milimita 5, wakati kwa kichanga hautakiwi kufika hata 3. Maziwa hayafiki yanakotakiwa kufyonzwa, ndiyo maana mtoto anashinda na njaa. Daktari alisema tatizo hili huonekana zaidi kwa wavulana, hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita, na kuongeza dawa za mchango au kubadili maziwa hakufungui mlango huo.

Nilidhani atapelekwa thieta usiku uleule. Hawakumpeleka, na hapa ndipo ndugu wengi wanapogombana na wauguzi. Mtoto anayetapika hivi hupoteza asidi ya tumbo na chumvi za mwili, kloraidi na potasiamu. Akipewa usingizi kabla hazijarekebishwa, anaweza kushindwa kupumua vizuri baada ya operesheni. Basi akawekewa dripu ya chumvi na sukari, potasiamu ikaongezwa alipoanza kukojoa, na mpira ukapitishwa puani ili tumbo libaki tupu. Kunyonya kukasimamishwa. Alilia sana, mimi nikawa nakamua maziwa ili yasikauke. Damu ilipimwa tena, na majibu yalipokuwa mazuri ndipo akaingia.

Operesheni yenyewe haikuchukua muda mrefu. Wanaupasua ule msuli kwa urefu bila kutoboa utando wa ndani, wanauacha wazi. Hakuna kinachokatwa na kutolewa.

Malalamiko yangu: majibu ya damu yalichelewa, na mama analala kwenye kiti katika wodi yenye baridi kali. Ukienda Juni au Julai, beba blanketi zito la kwako na kofia ya mtoto. Wauguzi walikuwa na lugha nzuri na walinieleza kila dawa kabla ya kuiweka.

Baada ya saa chache aliruhusiwa kunyonya kidogo kidogo. Alitapika tena siku ile na moyo wangu ukaruka, lakini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba tumbo bado limevimba na kutapika kidogo kwa siku moja au mbili si ajabu. Cha kurudisha hospitali ni kutapika kwa nguvu kunakoendelea, homa, tumbo kujaa, au kidonda kutoa usaha. Kwetu havikutokea. Kliniki iliyofuata alikuwa na kilo 4.1.

Mkiandikiwa rufaa, kadi ya kliniki msiiache nyumbani. Daktari aliiomba kabla hata hajamgusa mtoto.