Siku ya 41 na bado nafundishwa kununua jembe

Nyota moja. Wiki iliyopita ningetoa nne.

Ni gemu la kulima zabibu, la kwenye laptopu. Mtu wa Dodoma akiona zabibu haulizi bei, nikalipa. Na kusema kweli linavutia: ukipogoa mzabibu unabaki mtupu, halafu machipukizi yanatoka kama ninavyoyajua shambani kwetu Hombolo.

Jioni moja umeme ukakatika hapa Nkuhungu. Uliporudi nikalodi nilipoishia: siku ya 41, mizabibu 36, zabibu zimeiva. Ukatokea ule mkono mweupe wa mafunzo: "Karibu mkulima! Nunua jembe." Jembe nililinunua siku ya kwanza! Mkono ukiwepo, vitufe vingine vyote vinajifunga. Nikabofya jembe, duka likajibu ninalo tayari. Basi, nikakwama hapo. Sivuni, simwagilii, sisevu.

Nikawaandikia waliolitengeneza, kwa adabu kabisa. Wakajibu sentensi moja: "Fuata maelekezo yaliyo kwenye skrini." Hawakusoma hata nilichoandika! Hilo ndilo lililonichoma kuliko mkono wenyewe.

Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta, akakaa nalo. Akaanza shamba jipya, akamaliza mafunzo yote, akasevu, akarudi kwenye menyu na kulodi bila kufunga gemu. Mkono haukutokea. Akalifunga kabisa, akalifungua, akalodi: huo hapo. "Kaka, linakumbuka likiwa wazi tu," akasema. Akafungua faili langu la siku ya 41:

```
{"day": 41, "coins": 18250, "hoe": 1, "vines": 36}
```

Siku ipo, pesa zipo, jembe lipo. Kwamba nimemaliza mafunzo, hakuna popote. Kila likiwashwa, gemu linaanza kwa kudhani hujamaliza hatua hata moja, na faili halina neno la kulisahihisha. Kwa hiyo usihangaike kusevu mara tatu au kulipakua upya, faili litakuwa lilelile.

Tukanakili faili kwanza, kisha tukabadili `"hoe": 1` kuwa `"hoe": 0`. Nikanunua jembe upya, mkono ukasogea, nikapitishwa hatua zote hadi mwisho, nikavuna mizabibu yote 36. Nilifurahi mno, nikataka kurudisha nyota tatu.

Leo nimewasha, mkono upo. Jembe tena.

Wakirekebisha, wasiishie kuongeza kwenye faili mstari wa kusema mafunzo yamekwisha. Mafaili yetu ya zamani hayatakuwa nao, na sisi tuliolipa mapema tutabaki na mkono uleule. Gemu likikuta mstari haupo na siku imeshapita ya kwanza, lihesabu mafunzo yamekwisha. Nimewaandikia hivyo hivyo, neno kwa neno. Nyota mbili, kwa ajili ya yale machipukizi. Hapana, moja, mpaka wajibu.