Mkopo wa riba ya flati au riba inayopungua: upi uchukue?

Tuseme wewe ni fundi cherehani Mbagala na unataka shilingi 1,200,000 za mashine ya ovaloki, ulipe kwa miezi 12. Taasisi ya kwanza inakuambia riba ni asilimia 3 kwa mwezi, ya pili inasema asilimia 4. Wengi watakimbilia ya kwanza, na wengi watalipa zaidi, kwa sababu asilimia hizo mbili hazipigwi juu ya hela ileile.

Asilimia 3 ya flati inapigwa kwenye 1,200,000 yote kila mwezi, hata baada ya kurudisha sehemu kubwa ya mkopo. Riba ni 36,000 mara 12, yaani 432,000, na rejesho ni 136,000 kwa mwezi. Tazama mwezi wa mwisho. Mtaji wao uliobaki mkononi mwako ni 100,000 tu, lakini bado unatozwa riba 36,000. Ya asilimia 4 inapigwa kwenye salio linalobaki, kwa hiyo inashuka kila unaporejesha. Rejesho lake ni kama 127,900, na riba ya mwaka mzima ni karibu 334,000. Asilimia iliyoonekana kubwa imekuokolea takriban 98,000.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, geuza flati iwe riba ya salio. Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu, uandike:

```
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Jibu ni 0.0508, ingawa seli inaweza kulionyesha kama 5% mpaka uongeze desimali, yaani ile asilimia 3 ni sawa na asilimia 5.08 inayopungua. Usipokuwa na simu ya kufanyia hivyo, kwa mkopo wa mwaka mmoja zidisha riba ya flati kwa 1.7, utakuwa karibu sana na ukweli. Mkopo ukiwa mfupi tofauti inapungua, na ule wa mwezi mmoja unaolipwa kwa mkupuo hauna tofauti kabisa.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia unaofaa zaidi.

Namba moja ni mkopo wa SACCOS wa riba inayopungua, kama tayari ni mwanachama. Ikitoza asilimia 1.5 kwa mwezi, mkopo huohuo unakugharimu riba ya kama 120,000 tu. Ila uwe na akiba. Kanuni ya kukopeshwa mara tatu ya akiba ina maana 400,000 zako zinakaa zimefungwa hadi umalize, kwa hiyo haumsaidii mwenye shida ya wiki hii.

Namba mbili ni benki au taasisi ya riba inayopungua, hata ikiwa asilimia yake imezidi kidogo ile ya flati ya jirani yake.

VICOBA naiweka ya tatu, ingawa mara nyingi riba yake ni ya flati na inaonekana kali. Sehemu ya riba hiyo inakurudia kwenye mgao wa mwisho wa mzunguko kulingana na hisa zako. Mwenye hisa chache anayekopa sana ndiye anayewanenepesha wenzake.

Mwisho kabisa ni flati yenye makato ya mwanzoni, na hapa ndipo mkopaji mdogo anapoumia. Afisa mikopo anakata ada ya mkopo asilimia 2 na bima asilimia 1, unatoka na 1,164,000, lakini riba inahesabiwa kwenye 1,200,000. Weka 1164000 mahali pa 1200000 kwenye ile fomula: riba yako halisi imefika asilimia 5.6 kwa mwezi. Wakidai pia akiba ya lazima isiyoguswa mpaka umalize, ipunguze vilevile kwenye kiasi ulichopokea, kisha uitoe kwenye rejesho la mwisho kama utarudishiwa.

Flati ina ubaya mwingine unaojitokeza biashara ikienda vizuri. Umelipa miezi sita, umepata oda ya sare za shule, unataka kumaliza deni. Kwenye ule wa asilimia 4 unaopungua, salio ni kama 670,000. Kwenye flati, taasisi isiyosamehe riba ya mbele itataka marejesho yote sita yaliyobaki, 816,000, na kulipa mapema huko kunapandisha riba halisi hadi karibu asilimia 6.8 kwa mwezi, hata bila makato.

Kwa hiyo kabla ya kusaini omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, uangalie safu ya riba. Tarakimu ikiwa ileile mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hiyo ni flati, hata kama tangazo ukutani linasema vingine. Halafu muulize afisa: nikija kumaliza deni baada ya kulipa miezi sita, nitalipa shilingi ngapi? Mwambie aandike jibu kwenye ratiba hiyohiyo, na agonge muhuri.