Mito miwili ya kukalia niliyonunua baada ya kuumia kifandugu

Nilipanda juu ya benchi la mbao kubadilisha balbu. Mguu ukateleza, nikashuka kwa makalio hadi kwenye ukingo wa benchi lile lile. Balbu ilibaki nzima mkononi. Kilichoumia ni kifandugu, kile kimfupa cha mwisho kabisa wa uti wa mgongo, ambacho hadi siku hiyo sikuwahi kukifikiria.

Siku mbili tatu za kwanza nilitumia barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kama 15 kila mara, nimelala kwa ubavu. Daktari alinibonyeza, akaniuliza kama nina ganzi sehemu za siri au kwenye mapaja kwa ndani, kama miguu imelegea, kama mkojo na choo navizuia kama kawaida. Kwa lolote kati ya hayo, alisema, nisingojee kesho, nikimbie hospitali. Sikuwa nalo. Akasema ni mchubuko wa ndani, utachukua wiki kadhaa, na kwamba hata kama kungekuwa na ufa mdogo matibabu yangekuwa karibu yale yale. Akaongeza nisile vyakula vya kufunga choo. Nilicheka. Siku ya nne nilipopata choo kigumu, nilielewa.

Kazi yangu ni ya kukaa, kwa hiyo nikatafuta mto. Wa kwanza niliununua kwa kukurupuka: ule wa duara, kama tairi, wenye tundu katikati. Akilini ilileta maana, mfupa unaouma si utaning'inia kwenye tundu? Baada ya nusu saa maumivu yalikuwa makali kuliko kwenye kiti kitupu.

Niligundua sababu kwa vidole. Nilikaa vizuri, kisha nikapitisha mkono kwa nyuma hadi chini ya kifandugu. Vidole vikagonga sponji. Tundu lilikuwa mbele zaidi, chini ya msamba, na mzingo wa nyuma wa mto ulikuwa unasukuma mahali penyewe panapouma. Huenda kwa mtu mwenye maumbile mengine, au mwenye bawasiri, tundu hilo likakaa panapotakiwa. Kwangu halikukaa.

Mto wa pili ni wa sponji nzito, nyuma mnene kuliko mbele, na upande wa nyuma umekatwa pengo lililo wazi hadi ukingoni, kama herufi U. Kipimo kile kile cha vidole: safari hii vilikuta hewa tupu. Uzito ulishukia mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia kiganja chako, na ule mteremko ukaniinamisha mbele kidogo. Kuegemea nyuma ndiko kulikokuwa kunanichoma, maana ukilegea nyuma unakikalia kifandugu chenyewe.

Una kasoro zake. Uliniinua sentimita kama 7, miguu ikaning'inia, nikawa nateleza mbele na kujikuta nimelegea tena nyuma. Nilishusha kiti, na pale kisiposhuka niliweka kisanduku chini ya nyayo hadi magoti yakawa sawa na nyonga. Kwenye sofa haufai kitu: sofa inabonyea, mto unazama nayo, pengo linajaa. Utumie kwenye kiti kigumu. Siku za mwanzo ulikuwa pia na harufu ya kiwandani, nikauanika bila foronya yake siku mbili, ikaisha.

Usichague mto kwa ulaini. Dukani nilikalia mmoja laini sana, raha kama godoro, lakini nilipopitisha mkono chini yake nikahisi mifupa yangu kabisa. Sponji ikilala namna hiyo, umekalia kiti.

Tena, mto haukusaidii wakati wa kuinuka, na kwangu hapo ndipo palipouma kuliko pote. Mbinu iliyonifaa ni kusogea hadi ukingoni mwa kiti, kuinamisha kifua mbele, kukaza makalio, halafu kusimama kwa nguvu ya mapaja. Nilikuwa nikiinuka kila baada ya nusu saa, maana hata mto mzuri ukiukalia saa mbili mfululizo utaulaumu bure.

Wiki ya pili niliacha dawa za maumivu. Wiki ya tano nilikaa kwenye kiti cha mbao mlo mzima bila kujipindapinda. Mto wenye pengo bado nauchukua nikiwa na safari ndefu. Ule wa tairi upo sebuleni, mwanangu anaukalia sakafuni akitazama katuni, na anausifu sana.